Kweli au Uongo? Tunayoambiwa Kuhusu Fomula ya Baki la Stoo

Kila duka lenye kompyuta lina mtu wake wa Excel, na kila mtu wa Excel ana mafundisho yake. Bila shaka umeyasikia: kompyuta haikosei hesabu, fomula ukishaiandika mara moja umemaliza, baki likitoka hasi ujue faili limevurugika. Mengine yanasemwa kwa uhakika mkubwa hadi karani mgeni anayapokea bila kuuliza.

Tuyapime. Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi linalouza saruji, nondo, misumari na mbao. Lina faili lenye shiti mbili. Ya kwanza inaitwa Kitabu, na humo kila tukio lina mstari wake: safu A ni tarehe, B ni bidhaa, C ni idadi iliyoingia, D ni idadi iliyouzwa. Shiti ya pili ni muhtasari, na humo kila bidhaa ina mstari mmoja: jina lake katika A, salio la mwanzo wa mwezi katika B, jumla ya zilizoingia katika C, jumla ya zilizouzwa katika D, na baki katika E. Fomula zake ni hizi:

```
C2:  =SUMIF(Kitabu!B:B,A2,Kitabu!C:C)
D2:  =SUMIF(Kitabu!B:B,A2,Kitabu!D:D)
E2:  =B2+C2-D2
```

Maana yake ni nyepesi. Mbili za kwanza zinapita kwenye Kitabu, zinatafuta kila mstari wenye jina lililoandikwa A2, kisha zinajumlisha idadi zake. Ya tatu inachukua tulichoanza nacho, inaongeza kilichoingia na kutoa kilichouzwa. Hivyo tu. Sasa tusikilize yanayosemwa.

"Kama hakuna alama ya kosa, hesabu iko sawa."

UONGO, na huu ndio uongo unaoyagharimu maduka mengi.

Mwezi umeanza na mifuko 140 ya saruji. Imeingia mizigo miwili, mifuko 200 na mifuko 150. Mauzo yote ya mwezi ni mifuko 396. Ukichukua kalamu, baki ni 140 + 350 − 396, yaani mifuko 94. Lakini muhtasari unaonyesha 149. Hakuna rangi nyekundu, hakuna #VALUE!, hakuna onyo lolote. Namba imekaa pale kwa utulivu, na mwenye duka anaipangia oda yake.

Mifuko 55 ya ziada imetoka wapi? Mistari miwili ya Kitabu haikuhesabiwa. Katika mmoja, karani aliandika jina la bidhaa kisha akagusa nafasi kabla ya kubonyeza Enter. Kwa macho ni "Saruji" ileile. Kwa SUMIF ni jina jingine, kwa sababu nafasi ile nayo ni herufi. Mauzo ya mifuko 25 yakapotea hapo. Katika mstari wa pili, safu ya mauzo iliandikwa "30 mifuko" badala ya 30. Neno likiingia ndani ya seli, ile si namba tena bali ni maandishi, na SUMIF huyaruka maandishi bila kusema neno. Mifuko 30 ikapotea hapo.

Kuna jambo hapa ambalo walimu wengi wa Excel hulipita. Fomula ya kishamba ya kujumlisha na kutoa kwa alama, yaani ile ya E2, ikikutana na "30 mifuko" hupiga kelele papo hapo na kuonyesha #VALUE!. Ile tunayoiona ya kitaalamu zaidi hunyamaza. Kwa hiyo kadiri unavyotumia fomula za kukusanya, ndivyo unavyohitaji ukaguzi wako mwenyewe. Ukaguzi huo ni seli mbili tu, pembeni mwa muhtasari:

```
=SUM(Kitabu!D:D)-SUM(D2:D40)
=COUNTA(Kitabu!D2:D500)-COUNT(Kitabu!D2:D500)
```

Ya kwanza inalinganisha mauzo yote yaliyomo Kitabuni na mauzo yaliyogawiwa bidhaa kwenye muhtasari. (Nimeweka D40 kwa kudhani orodha inaishia hapo, weka mstari wako wa mwisho.) Ikitoka 0, kila mstari umepata mwenyewe. Katika mfano wetu itatoa 25, na utajua kuna mauzo yenye jina lisilotambulika. Ya pili inahesabu seli zote zilizojazwa, kisha inaondoa zile zenye namba halisi. Ikitoka 1, kuna seli moja yenye maandishi mahali pa namba, nayo ni ile ya "30 mifuko". Zote mbili zinahitajika, kwa sababu ya kwanza haiwezi kuyaona maandishi. SUM nayo huyaruka, kama SUMIF. Fanya vivyo hivyo kwa safu C ya mizigo iliyoingia.

Dawa ya majina ni kuyazuia yasichapwe kwa mkono. Chagua safu B ya Kitabu, nenda Data, kisha Data Validation, chagua List, na uelekeze kwenye orodha ya bidhaa. Karani atachagua jina badala ya kuliandika. Ila angalia: akibandika jina lililonakiliwa kutoka mahali pengine, kizuizi hicho hupitwa. Kwa hiyo zile seli mbili za ukaguzi zibaki hata baada ya kuweka orodha.

"Herufi kubwa na ndogo ndizo zinazovuruga majumlisho."

UONGO. Kwa SUMIF, "SARUJI", "Saruji" na "saruji" ni kitu kimoja. Usipoteze jioni nzima ukirekebisha herufi.

Kinachovuruga ni nyota. Wauza mbao wengi huandika vipimo kwa alama ya nyota: Mbao 2*2, Mbao 2*6*12. Kwa SUMIF, nyota iliyomo ndani ya jina linalotafutwa maana yake ni "herufi zozote, ziwe ngapi". Ukimwambia atafute "Mbao 2*2", anatafuta kila jina linaloanza na "Mbao 2" na kuishia na 2. Basi Mbao 2*6*12 nayo inaingizwa humo, huku ikihesabiwa pia kwenye mstari wake. Mauzo ya mbao moja yanatolewa kwenye bidhaa mbili. Ile seli ya kwanza ya ukaguzi itatoka hasi, kwa kuwa muhtasari umegawa zaidi ya kilichouzwa. Andika herufi x, Mbao 2x2, katika shiti zote mbili, na tatizo limekwisha.

"Ukishapata fomula ya kwanza, iburute tu hadi chini."

KWELI kwa fomula nilizoziweka hapo juu, UONGO kwa nyingi ninazoziona madukani.

Tofauti iko kwenye namna eneo lilivyotajwa. Kitabu!B:B ni safu nzima, na ukiburuta kwenda chini hubaki ilivyo. Lakini wengi huandika Kitabu!B2:B500. Fomula ikishuka mstari mmoja, eneo nalo linashuka na kuwa B3:B501. Ikifika mstari wa 31 wa muhtasari, eneo limekuwa B31:B529, na matukio 29 ya kwanza ya mwezi hayaonekani tena kwa bidhaa hiyo. Mzigo ulioingia tarehe mbili umetoweka.

Kosa hili lina alama yake. Bidhaa za juu ya orodha ziko sawa, na kadiri unavyoshuka ndivyo baki linavyozidi kupishana na stoo. Ukiona mwendo huo, usimtuhumu mtunza stoo kabla hujabofya seli ya mwisho na kusoma fomula yake. Kama unapenda kutaja mwanzo na mwisho wa eneo, lifunge kwa alama ya dola, kisha buruta bila wasiwasi:

```
=SUMIF(Kitabu!$B$2:$B$500,A2,Kitabu!$C$2:$C$500)
```

Ila kumbuka kwamba siku Kitabu kitakapofika mstari wa 501, fomula hii haitaufikia. Ndiyo maana mimi hupenda safu nzima.

"Baki lisilobadilika hata ukiandika mauzo ni dalili ya virusi."

UONGO. Mara nyingi faili limewekwa lisijihesabie lenyewe. Bonyeza F9. Baki likibadilika, nenda Formulas, kisha Calculation Options, rudisha Automatic. Hali hii huweza kuambukizwa na faili jingine lililofunguliwa kwanza siku hiyo, ndiyo maana huonekana kama uchawi.

"Baki hasi ni kompyuta imechanganyikiwa, ifiche."

UONGO, na ushauri huu ni mbaya kuliko yote.

Wanaoufuata huandika hivi:

```
=MAX(0,B2+C2-D2)
```

Kila namba iliyo chini ya sifuri huonyeshwa kuwa 0, na shiti inapendeza. Lakini duka haliwezi kuuza mali ambayo haikuwepo. Baki likitoka hasi, kuna tukio halikuandikwa au limeandikwa visivyo, na kompyuta inakuonyesha bidhaa yenyewe kwa jina.

Chukua nondo za milimita 12. Salio la mwanzo ni pisi 20. Umeingia mzigo, na karani ameandika 2 kwenye safu ya zilizoingia. Zimeuzwa pisi 45. Baki ni 20 + 2 − 45, yaani −23. Kabla ya kuifuta namba hiyo, fungua ankara ya mzigo. Utakuta imeandikwa tani 2. Duka linanunua nondo kwa tani na kuuza kwa pisi, na karani alinakili alichokiona.

Nondo ya milimita 12 yenye unene kamili ina uzito wa gramu 888 hivi kwa mita. Ikiwa na urefu wa mita 12 inakaribia kilo 10.7, kwa hiyo tani moja ni kama pisi 94. Nondo zikiwa nyembamba kidogo, tani hiyohiyo itakuwa na pisi nyingi zaidi. Ndiyo maana hatuweki kizidishio cha 94 kwenye fomula na kulala. Tunahesabu pisi zinaposhuka kwenye gari na kuandika tulichohesabu. Tuseme zilihesabiwa 186. Baki la kweli ni 20 + 186 − 45, yaani pisi 161.

Sasa mtazame aliyetumia MAX. Shiti yake inasema nondo zimekwisha, ilhali ana 161 nyuma ya duka. Ataagiza nyingine na kufungia mtaji wake kwenye chuma. Na mzigo mpya wa pisi 10 ukiingia, shiti yake bado itasema 0, kwa kuwa deni la 23 lililofichwa linazimeza zote. Badala ya kuficha, tumia Conditional Formatting ili kila baki lililo chini ya sifuri liwe jekundu. Kisha uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: kuna mzigo ulioingia bila kuandikwa? Kipimo cha kununulia kimechanganywa na cha kuuzia? Mauzo yameandikwa kwenye bidhaa ya jirani, kama nondo za milimita 10 kuandikwa 12? La tatu lina dalili yake: bidhaa moja inapungua kupita kiasi, na ya jirani haipungui kabisa.

"Mali bila daftari hupotea bila habari."

KWELI, na waliosema hivyo walikuwa hawajaiona kompyuta.

Leja ya zamani ya stoo ilikuwa na sheria ambazo watumiaji wengi wa Excel wamezitupa: kila tukio lina tarehe na mstari wake, na kosa halifutwi bali linasahihishwa kwa mstari mpya wenye maelezo. Linganisha na karani anayeweka muhtasari peke yake, bila Kitabu. Jioni anabofya seli ya mauzo yenye 371, anajumlisha kichwani na mauzo ya leo, anaandika 396. Fomula yake ya baki ni sahihi kabisa. Lakini wiki ijayo ukimuuliza hizo 396 zilitoka siku zipi, hana jibu, kwa sababu kila jioni alifuta ushahidi wa jana. Siku akijumlisha vibaya, hakuna mahali pa kurudi. Hasara haiji na taarifa, kama wazee walivyosema.

Daftari la mistari ndilo hasa linalofanya fomula iwe na kitu cha kuhesabu. Ukilazimika kuchagua kimoja kati ya Kitabu kizuri chenye fomula duni na fomula nzuri isiyo na Kitabu, chukua Kitabu.

"Shiti ikisema mifuko 94, stoo kuna mifuko 94."

UONGO. Shiti inasema mifuko inayopaswa kuwepo kwa mujibu wa yaliyoandikwa. Iliyopo hujulikana kwa kuhesabu.

Rudi kwenye saruji, sasa baada ya kusahihisha ile mistari miwili. Baki la shiti ni 94. Mtunza stoo anahesabu asubuhi kabla ya kufungua na kupata 90. Wengi wangeridhika kusema "pungufu ya nne, si kitu". Lakini ulizia. Mifuko 3 iliyogusa ukuta wenye unyevu imeganda, haiuziki. Mifuko 4 ilitumika kukarabati sakafu ya duka lenyewe. Na fundi mmoja alirudisha mifuko 3 iliyombakia, akarudishiwa pesa zake. Toa 3, toa 4, ongeza 3: kutoka 94 unafika 90. Tofauti ya 4 ilikuwa imeficha mifuko 10 iliyotembea bila kuandikwa.

Fomula ya salio la mwanzo, kuingia na kuuza haina mahali pa matukio hayo, na hapo ndipo mpaka wake ulipo. Ongeza safu moja kwenye Kitabu, iite Marekebisho, na nyingine ya maelezo. Andika −3 "imeganda", −4 "sakafu ya duka", 3 "imerudishwa na mteja", kila moja kwenye mstari wake. Kwenye muhtasari, ingiza safu ya Marekebisho kabla ya Baki, yenye SUMIF kama wenzake. Baki litahamia safu F:

```
F2:  =B2+C2-D2+E2
```

Usiiguse safu ya mauzo ili namba zikubaliane. Ukiongeza mauzo hewa ya mifuko 4, baki litalingana na stoo, lakini droo ya pesa itapungukiwa, na keshia atadaiwa saruji iliyoganda ukutani.

Katika biashara hii ya ujenzi kuna mtego mwingine: mzigo uliolipiwa ukaachwa dukani. Mteja amelipia mifuko 10, gari lake litakuja kesho. Mauzo yameandikwa leo, kwa hiyo shiti imeshaitoa, lakini mifuko ingali stoo. Hapo hesabu ya mkono itazidi shiti kwa 10, na asiyejua ataifurahia kama ziada na kuiuza tena. Iweke kando, iandike jina la mwenyewe, na usiihesabu pamoja na ya duka.

"Mwezi mpya, baki la mwezi uliopita ndilo salio la mwanzo."

NUSU KWELI. Kanuni ni sahihi, njia inayotumika mara nyingi siyo.

Wengine, ndani ya shiti ileile, huandika =F2 kwenye B2. Excel hulalamika kwamba fomula inajizunguka, na ina haki: baki linahesabiwa kutokana na salio la mwanzo, sasa salio la mwanzo nalo linasubiri baki. Wengine hufungua shiti ya Novemba na kuiunganisha na ya Oktoba kwa ='Oktoba'!F2. Hiyo hukubali, na ina faida kwamba ukisahihisha Oktoba, Novemba inafuata. Lakini kiungo hicho kinaijua seli, hakiijui saruji. Siku mtu akiipanga shiti ya Oktoba kwa alfabeti, F2 itakuwa na baki la bidhaa nyingine, na Novemba itaanza na misumari ndani ya mstari wa saruji bila onyo lolote.

Mwezi ukiisha, fuata mpangilio huu. Kwanza angalia kwamba seli za ukaguzi zote zinasoma 0. Hesabu stoo. Andika marekebisho pamoja na sababu zake mpaka baki lilingane na ulichohesabu. Kisha nakili safu ya Baki na uibandike kwenye salio la mwanzo la mwezi mpya kwa Paste Special, Values, ili ziende namba peke yake bila fomula, na Kitabu cha mwezi mpya kianze kitupu, la sivyo fomula zitajumlisha tena matukio ya mwezi uliopita. Kwa saruji yetu, Novemba inaanza na mifuko 90.